Vyombo vya kupikia vilivyopo dukani, na majiko yanayovifaa

Karibu mteja. Mzigo mpya umefika hapa Mwanjelwa. Safari hii kila chombo tumekiandikia kinapofaa, kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja wa Uyole alinunua kwetu sufuria sita za alumini, akafika nyumbani jiko lake la induksheni likawa linalia tu bila kupasha. Kosa lilikuwa letu, hatukumuuliza anapikia nini. Tulimbadilishia.

Jiko la induksheni hupasha kitako cha chombo kwa nguvu ya sumaku. Sumaku isiponata kwenye kitako, ugali hauivi. Kitako nacho kiwe bapa.

Sufuria za alumini, seti ya 7, sh. 45,000. Mkaa, gesi na kuni tu. Kwenye oveni zinaingia, ila induksheni hapana. Mashine ya kuoshea vyombo pia hapana: sabuni yake ni kali, zinatoka nyeusi na kupaka mikono masizi ya kijivu.

Sufuria za stenlesi zenye kitako kinene, lita 3, sh. 60,000. Hizi ndizo tunazopenda kuuza. Induksheni sawa, mashine sawa, oveni sawa kwa kuwa mishikio ni ya chuma. Mfuniko wa kioo uweke pembeni. Tahadhari: si kila stenlesi inanasa sumaku. Hizi tumezipima moja moja.

Sufuria za graniti, seti ya 5, sh. 130,000. Wengi hudhani ni jiwe. Ni alumini iliyopakwa rangi isiyoshika chakula. Zenye duara la chuma chini zinakubali induksheni, na tumezitenga rafu ya juu. Za rafu ya chini hazikubali. Mpini wa plastiki usiingie oveni. Osha kwa mikono, sponji laini.

Kikaango cha chuma kizito, sh. 55,000. Induksheni na oveni bila wasiwasi, chapati zinaiva sawasawa. Mashine itakitia kutu usiku mmoja. Kioshe, kikaushe jikoni, kipake mafuta kidogo.

Birika na bakuli za enameli, kuanzia sh. 18,000. Induksheni sawa. Zikidondoka enameli hubanduka, na hapo kutu huanza.

Bakuli za kioo za oveni, sh. 25,000. Oveni na mashine sawa, induksheni hapana. Ikitoka kwenye oveni usiiweke juu ya sinki lenye maji. Asubuhi za Juni hapa kwetu maji ya bomba ni barafu, itapasuka.

Vyungu vya Wakisi kutoka Matema, sh. 8,000. Maharage yake hayana mfano. Kuni au mkaa wa taratibu, mashine na induksheni hapana kabisa.

Una sufuria za zamani na umenunua induksheni? Njoo nazo, sumaku iko kaunta, kupima ni bure. Tunafungua saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, Jumapili tunafunga.