Jibu kwa Shangazi kuhusu kutazamiwa nyota

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale adhana ya Isha ilipokukatiza. Umetaka jina la Rehema na la mama yake, mwalimu atuhesabie nyota kabla barua ya posa haijakwenda Kilwa. Baba nilipomwambia alicheka tu, akasema hayo niyamalize mwenyewe na dada yake.

Naomba uniwie radhi Shangazi, majina hayo sitayatuma. Si kwamba nimekudharau, wala si mambo ya Dar es Salaam yamenipanda kichwani. Hofu yako naijua inakotoka. Dada Saumu alipoachika ni wewe uliyempokea na wanawe, akakaa eda chumbani kwako, na tangu siku ile hujaacha kusema laiti nyota zao zingetazamwa. Mimi sioni kama kosa lilikuwa hapo. Yule bwana alikuwa na mke Morogoro, na majirani zake wote walijua. Sisi tuliona kanzu imepigwa pasi na mahari imelipwa taslimu, tukaridhika. Hakuna aliyekwenda kuuliza mtaani kwake wala msikitini anakosali. Wewe ulitaka kuuliza, ukaambiwa unachelewesha harusi. Basi usijibebeshe lawama isiyo yako.

Hesabu yenyewe naifahamu kidogo, maana abjadi tulisomeshwa chuoni. Juzi nilikaa nikajaribu kwa jina langu na la wifi yako. Salim: sini 60, alifu 1, lamu 30, mimu 40, jumla 131. Halima: ha 8, lamu 30, ye 10, mimu 40, halafu ile te ya mwisho. Wapo wanaoihesabu 5 kwa kuwa huandikwa kama he, na wapo wanaoihesabu 400 kwa kuwa ni te. Ukiweka 5, jumla ya majina yote mawili ni 224. Ukiondoa kumi na mbili kumi na mbili zinabaki 8, nami ni Akarabu, nyota ya maji. Ukiweka 400, jumla ni 619, zinabaki 7, nimekuwa Mizani, nyota ya upepo. Mtu yuleyule, mama yuleyule! Sasa mwalimu mmoja akisema tunapatana na mwingine akisema tutachomana, mimi nimwache Rehema kwa neno la nani? Na akisema hatupatani, neno hilo halitaishia chumbani kwake. Litafika Kilwa kabla yetu, na binti wa watu atabaki na jina la mwenye nyota mbaya.

Ya dini sikutolei, kwa sababu Kurani ya kwanza nilifundishwa na wewe. Nakwambia tu kwamba mimi na Rehema tumekubaliana kila mmoja aswali istikhara kwa wakati wake.

Kuna jingine nadhani litakutuliza. Tutakwenda hospitali kupima damu kabla ya posa, Ukimwi na pia seli mundu. Unamwona yule mtoto wa jirani yako anavyolia viungo kila baridi ikishuka. Mtu anaweza kubeba asili ya ugonjwa ule na yeye mwenyewe asiumwe hata siku moja. Wakioana wawili wanaoibeba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Majibu yakitoka utayajua, mazuri au mabaya, sitakuficha.

Ila kuna kazi ambayo hakuna wa kuifanya isipokuwa wewe. Nataka uende Kilwa pamoja na mshenga, ukae na mama yake Rehema jikoni kwao, uulize yote unayoyajua kuuliza: ukoo wao, wanavyoishi na wakwe, kama binti amewahi kuposwa, na kwa nini ilivunjika kama ilivunjika. Uwaulize na majirani. Na wao watauliza habari zangu, uwaambie kweli, hata hasira zangu za asubuhi. Ukirudi na neno zito nitakaa nikusikilize, na barua itangoja.

Jina langu na la mama unayo, siwezi kukuzuia. Nakuomba tu usiyapeleke popote bila mimi kujua.

Nilikuwa nafikiria safari iwe wiki ya kwanza baada ya Maulidi. Ushuke kwangu kwanza, ulale siku mbili upumzishe miguu, kisha tuondoke na basi la alfajiri. Niambie kama tarehe hizo zinakufaa, nauli nikutumie mapema. Na dawa ya presha usije ukaisahau Tanga kama safari ile.

Msalimie Dada Saumu na watoto.

Mwanao,
Salim