Kupanga Tarehe ya Utetezi wa Tasnifu ya Uzamivu: Istilahi za Kilimo cha Parachichi Njombe

Iringa, Jumatatu, 13 Aprili 2026

Waheshimiwa wajumbe wa jopo,

Habari za kazi. Shikamooni wale mlionitangulia.

Ripoti zote tatu za watahini zimeshafika, ya mwisho imeingia Ijumaa jioni, na zote zinapendekeza mtahiniwa aitwe kutetea. Nawashukuru sana. Sasa kimebaki kitu kimoja: siku ambayo sote tunaweza kukaa chumba kimoja. Nimepitia ratiba mlizonitajia na kubakiza siku hizi, zote mwezi Mei:

Jumanne tarehe 12, saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana.
Alhamisi tarehe 14, muda huohuo.
Jumatano tarehe 20, saa 8:00 mchana hadi saa 10:30 jioni.

Ya tarehe 20 nimeiweka mchana kwa ajili ya mtahini anayetoka Mbeya, ambaye ana kipindi Jumanne jioni na atasafiri alfajiri. Wiki ya tarehe 25 nimeiacha kabisa, kwa kuwa Iddi el Haj inatarajiwa kuangukia humo na mwandamo ndio utakaosema siku yenyewe.

Naomba kila mmoja aniandikie siku zote zinazomfaa, si ile moja anayoipenda zaidi. Tukichagua moja moja tutajikuta na siku tatu na watu watatu. Jibuni kwa wote ili kila mjumbe aone, kabla ya Ijumaa tarehe 17 Aprili saa 10:00 jioni. Kama hakuna hata moja inayokufaa, nitajie mbili zako za kabla ya tarehe 22 Mei. Jumatatu tarehe 20 Aprili nitatangaza siku iliyopatikana.

Ikishatangazwa, nawasihi tusiihamishe. Mtahiniwa ni mwalimu wa sekondari Njombe, na mwezi wa Mei shule yake inakuwa na mtihani wa taifa wa kidato cha sita. Ruhusa anaiomba kwa mkuu wa shule mara moja, na akishapangiwa mwenzake wa kumshikia zamu hawezi kurudi kusema siku imebadilika. Nimewahi kuona utetezi ukiahirishwa mara tatu. Mara ya tatu mtahiniwa alikuwa ameshapanda basi na makabrasha yake magotini. Sitaki hilo limpate huyu.

Chumba ni cha mikutano cha idara, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili kushoto ukipanda ngazi. Nimekishika kwa siku zote tatu, na mbili zisizohitajika nitaziachia. Kinachukua watu 25. Nimehamisha projekta imulike ukuta wa nyuma, maana asubuhi jua la dirishani lilikuwa linaangukia kwenye skrini na jedwali lolote la herufi ndogo halisomeki. Jenereta litajazwa mafuta siku moja kabla. Njooni na sweta; Mei asubuhi Iringa huwa na baridi, na chumba kile hupata joto polepole.

Utetezi utakuwa wa ana kwa ana, kwa Kiswahili, na wa wazi kwa wanafunzi na wahadhiri. Mtahiniwa atawasilisha kwa dakika 20, kisha mtahini wa nje ataanza kuuliza, afuatwe na watahini wa ndani, kila mmoja dakika 25. Wasimamizi watasikiliza tu, isipokuwa mwenyekiti akiwaomba ufafanuzi. Baada ya hapo mtahiniwa na wasikilizaji watatoka, jopo litakaa faragha, na uamuzi utasomwa palepale.

Mtahini wa nje, najua Dar hadi hapa ni kilomita zipatazo 500 na Kitonga katikati. Bado nakuomba ufike. Sura ya tano yote inasimama juu ya sauti za wakulima, na swali lako kuhusu kama neno "kubebesha" kwa mche lilitoka kwa maafisa ugani au wakulima walikuwa nalo tangu zamani linahitaji tusikilize rekodi pamoja, tukizirudisha nyuma na kuzisikiliza tena. Kwenye Zoom, Kibena kilichochanganyika na Kiswahili hukatika hasa pale unapotaka kusikia. Chumba cha kulala usiku wa kabla na wa baada kimetengwa, na nauli italipwa ukifika. Zoom itakuwapo kwa dharura tu. Kiungo nitakituma pamoja na tangazo la siku.

Tafadhali njooni na nakala zenu zenye alama za kalamu. Nakala safi mbili zitakuwapo mezani.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa Masomo ya Uzamivu
Idara ya Kiswahili, Iringa

Nakala: Wasimamizi wote wawili, Mkuu wa Idara