Mama Neema, mkataba wako wa nyumba kwa Kiswahili

Shikamoo mama, pole na kazi ya usiku. Mkataba nimeusoma wote kurasa 14, hizi hapa ni zile sehemu tatu ulizoniuliza. Nikiandika MKATABA hayo ni maneno yao vilevile sijaongeza wala kupunguza, nikiandika MIMI hapo naeleza tu. Nimetenganisha makusudi, maana siku ukienda kubishana ofisini wataangalia karatasi yao, siyo meseji yangu.

MKATABA, dipoziti: "Mpangaji atalipa dhamana ya dola 1,150 kabla ya kukabidhiwa funguo. Dhamana haitatumika kama kodi ya mwezi wa mwisho. Mwenye nyumba anaweza kukata humo kodi isiyolipwa na gharama za uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida. Mpangaji atalipa pia ada ya ofisi dola 150, ambayo hairudishwi."

MIMI: Dhamana ndiyo ile kule Uvira tunaita garanti. Ila mama, kule mtu akikaribia kuhama anakula garanti yake, anakaa miezi ya mwisho bila kulipa na mwenye nyumba anajua, hapa ukifanya hivyo unahesabika hujalipa kodi na wanaweza kukupeleka kortini wakutoe. Halafu nisamehe, kwenye simu nilikwambia 1,300 zote zitarudi, nilikosea, ile 150 ukishatoa imeenda, inayoweza kurudi ni 1,150 peke yake.

Uchakavu wa kawaida ni kama rangi ya ukuta kufifia, au kapeti kulala pale mlangoni mnapopita kila siku, hiyo hawaruhusiwi kukata. Kapeti ikiungua na sufuria, au watoto wakitoboa mlango, hapo watakata. Sheria ya Ohio inawapa siku 30 baada ya wewe kuhama na kurudisha funguo, wakikata chochote lazima wakuandikie kimoja kimoja na bei yake. Na wewe uwape anwani yako mpya KWA MAANDISHI, usipowapa na wakikunyima pesa yako bila haki, huwezi kudai ile fidia ya juu ambayo sheria inatoa. Siku ya kuingia piga picha kila chumba, hadi ndani ya oveni na chini ya sinki.

MKATABA, notisi: "Mkataba unaanza 1 Septemba 2025 na kuisha 31 Agosti 2026. Upande usiotaka kuendelea utatoa notisi ya maandishi siku 60 kabla ya mwisho. Notisi isipotolewa, mkataba utaendelea mwezi kwa mwezi na kodi itaongezeka dola 150."

MIMI: Siku 60 ukihesabu nyuma inaangukia tarehe 2 Julai, lakini usingoje hiyo, peleka katikati ya Juni, na ubaki na kopi yenye tarehe. Kumwambia meneja mdomoni siyo notisi, hata akikuitikia vizuri. Ikipita ukaingia mwezi kwa mwezi, notisi ni siku 30 kabla ya tarehe ya kulipa kodi, yaani ukitaka kuondoka mwisho wa Oktoba barua iwe imefika kabla ya tarehe 1 Oktoba, ukipeleka tarehe 10 watakudai na Novemba.

MKATABA, matengenezo: "Mwenye nyumba atatengeneza hita, umeme, mabomba na vifaa alivyoviweka. Mpangaji ataweka nyumba safi, atabadilisha filta ya hita kila miezi mitatu, na atatoa taarifa ya maandishi mara tu aonapo uvujaji au ukungu. Uharibifu wa mpangaji au wageni wake utalipwa na mpangaji. Mpangaji atalipa dola 75 za kwanza za kila tengenezo."

MIMI: Hilo la mwisho nimelitafsiri kama lilivyo lakini limenikera. Sheria ya Ohio inasema hita, umeme na mabomba ni kazi ya mwenye nyumba, na mkataba hauwezi kuiondoa. Sasa choo kikiziba kwa sababu mtoto ametupa mwanasesere, hiyo yako. Bomba la zamani likipasuka lenyewe, siyo yako.

Hita ikifa Januari piga simu palepale, halafu andika barua siku hiyohiyo. Wasipotengeneza USIACHE kulipa kodi, tafadhali mama, watu wengi wametolewa nyumba kwa hilo. Njia ipo, muda waliopewa na sheria ukipita, usiozidi siku 30 tangu barua, na kama huna deni la kodi, unaenda kuiweka kodi kwa karani wa Korti ya Manispaa ya Franklin badala ya kumpa mwenye nyumba. Ila mwenye nyumba anayepangisha nyumba tatu au chini ya hapo, na alikujulisha hivyo kwa maandishi, hiyo njia haimgusi, ndiyo maana nataka tuwaulize wana ngapi.

Usisaini bado. Kesho saa kumi nikitoka kazini napita, twende wote tuwaombe wafute ile mistari ya dola 75, na wakikubali waweke saini pembeni yake.