Hasi mara hasi

*Darasa la saba. Kipindi cha Hisabati kimekwisha, wenzake wametoka kwenda kunywa uji. Mwanafunzi mmoja amebaki na daftari mkononi.*

MWANAFUNZI: Shikamoo, mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Mbona hujaenda kunywa uji?

MWANAFUNZI: Nina shida na swali la nne. Umeniwekea kosa. Niliandika −3 + (−4) = 7, kwa sababu hasi na hasi ni chanya. Ndivyo tunavyoimba.

MWALIMU: Kumbe ni hiyo "na" iliyokupoteza. Ukidaiwa shilingi 3, ukakopa tena 4, umetajirika?

MWANAFUNZI: Hapana. Nadaiwa 7.

MWALIMU: Basi jibu ni −7. Ile kanuni ni ya kuzidisha: hasi *mara* hasi.

MWANAFUNZI: Hapo ndipo hasa sielewi. Deni mara deni linageukaje kuwa mali? Mimi nadaiwa, wewe unadaiwa, tukizidisha madeni yetu nani anapata hela?

MWALIMU: Hakuna, maana shilingi hazizidishwi kwa shilingi. Namba moja inataja kitu, nyingine inataja ni mara ngapi. Mama yako si ana genge?

MWANAFUNZI: Ndiyo. Wanaokopa tunawaandika kwenye daftari.

MWALIMU: Tuseme nimeandikwa mistari mitatu, kila mstari shilingi 500. Kwangu mimi hiyo ni 3 × (−500).

MWANAFUNZI: Ni −1,500.

MWALIMU: Sasa mama yako anashika kalamu, anaikata mistari yote mitatu. Amenisamehe. Kuongezewa mistari mitatu ilikuwa 3, kuondolewa mitatu ni −3. Na kila kilichoondolewa ni −500.

MWANAFUNZI: (−3) × (−500)… Hali yako imepanda kwa 1,500. Lakini mwalimu, mfukoni haijaingia hata senti!

MWALIMU: Haijaingia. Ila kama nilikuwa na 2,000 mfukoni, kabla ya kusamehewa zilizokuwa zangu kweli ni 500 tu. Sasa zote 2,000 ni zangu.

MWANAFUNZI: Sawa. Lakini hiyo ni hadithi ya genge. Labda hadithi nyingine itatoa jibu jingine.

MWALIMU: Hilo ni neno zito, na una haki ya kulisema. Tuliache genge, tushike namba zenyewe. 2 + (−2) ni ngapi?

MWANAFUNZI: Sifuri.

MWALIMU: Na −3 mara sifuri?

MWANAFUNZI: Sifuri.

*Mwalimu anaandika ubaoni:*

−3 × (2 + (−2)) = 0

MWALIMU: Fungua mabano.

MWANAFUNZI: −3 mara 2 ni −6. Kisha −3 mara −2… ndiyo hiyo tusiyoijua.

MWALIMU: Basi iwekee kiboksi, usiibuni.

−6 + ☐ = 0

*Mwanafunzi anautazama ubao. Anasogea, anagusa kiboksi kwa kidole.*

MWANAFUNZI: Sita. Haiwezi kuwa nyingine.

MWALIMU: Mtu akikwambia ni −6?

MWANAFUNZI: −6 na −6 ni −12. Lakini tumeshaona upande wa pili ni sifuri. Sifuri itakuwa sawa na hasi kumi na mbili!

MWALIMU: Umeona? Hakuna mtu aliyekaa akaamua tu kwamba iwe chanya. Tunataka mabano yafunguke kwa namba hasi vilevile yanavyofunguka kwa namba chanya. Tukishakubali hilo, −3 mara −2 haina pa kwenda ila 6. Na usione aibu kuanza na madeni. Mwaka 628, huko India, mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni hizi akiita namba chanya mali na namba hasi deni.

MWANAFUNZI: Sasa mbona tulipewa wimbo tu?

MWALIMU: Hata mimi nilifundishwa kwa wimbo, nami nikawapa ninyi wimbo. Nilipaswa kuanza na hiki kiboksi. Kesho nitarudia kwa darasa zima. Haya, nifanyie −4 mara −5, bila kuimba.

*Mwanafunzi anachukua chaki.*

−4 × (5 + (−5)) = 0
−20 + ☐ = 0

MWANAFUNZI: Ishirini. Mwalimu, na hasi mara hasi mara hasi?

MWALIMU: Mbili za kwanza umeshazimaliza. Imebaki nini?

MWANAFUNZI: Chanya mara hasi… Inarudi hasi!

MWALIMU: Nenda kanywe uji, utapoa.

*Mwanafunzi anainama kwanza kwenye dawati, anafungua daftari, anakata 7 ya swali la nne na kuandika pembeni yake −7.*