Mgonjwa wako aliyewekewa chuma kwenye nyonga: maelezo kwa ndugu

Mfupa wa nyonga uliovunjika umeungwa kwa chuma, na kwa kawaida chuma hicho hubaki humo.

Tafadhali, msimlaze bibi kutwa kwa kumwonea huruma. Kulala sana huleta vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni. Atembee na fremu kila siku, hata hatua tano hadi mlangoni, akikanyagia uzito alioruhusiwa na daktari. Dawa ya maumivu ameze nusu saa kabla.

Ondoeni mkeka unaoteleza. Kwenye choo cha shimo wekeni kiti chenye tundu, asichuchumae.

Kidonda kikitoa usaha, shavu la mguu likivimba au mguu ukifupika ghafla, mleteni siku hiyohiyo. Akikosa pumzi, msingoje kupambazuke.