Kituo cha 3: Slaidi ya malaria, orodha ya hatua na alama

Muda: dakika 40. Alama 20, kufaulu ni 14 pamoja na hatua zote zenye nyota (*). Mtahini anatoa alama kwa kitendo alichokiona. Mtahiniwa akisema "hapa ningesubiri ikauke" huku mkono unaendelea, alama ni sifuri.

A. Kuchukua damu (8)

1. Amemweleza mgonjwa anachofanya. Amelinganisha jina na namba na fomu.* (1)
2. Amevaa glovu, ameandika namba na tarehe kwa penseli. Wino wa kalamu huoshwa na methanoli. (1)
3. Amesafisha kidole cha pete kwa spiriti ya asilimia 70 na kuiacha ikauke. Kidole kikiwa bado kibichi, damu hutambaa badala ya kusimama kama tone. (1)
4. Amechoma ubavuni mwa ncha ya kidole, amefuta tone la kwanza, na lanseti imekwenda moja kwa moja kwenye sefti boksi.* (2)
5. Tone nene: mikrolita 6, duara la milimita 12. Tone jembamba: mikrolita 2, slaidi ya kusambazia kwenye nyuzi 45, msukumo mmoja bila kusita. Akisita, mistari hubaki. (3)

Tone nene halitakauka ndani ya muda, na kulipasha moto hakuruhusiwi: joto huligandisha kama methanoli inavyofanya. Kwa sehemu B chukua slaidi iliyokauka kwenye trei.

B. Kupaka rangi (6)

6. Methanoli imegusa tone jembamba tu.* (2) Hapa ndipo wengi huanguka. Slaidi ishikwe kwa mshazari, tone nene likiwa juu. Tone nene likiguswa, chembe nyekundu hazipasuki, nalo halionekani ndani tena.
7. Gimsa ya asilimia 10: mililita 1 ya rangi kwa mililita 9 za bafa yenye pH 7.2, ikachanganywa papo hapo. Dakika 10 kwa saa ya ukutani. (2)
8. Amemimina bafa taratibu mpaka utando wa juu ukaelea na kutoka, ndipo akasimamisha slaidi ikauke. Akiinamisha slaidi kwanza, utando huganda juu ya damu, na msomaji huhesabu uchafu kama vimelea. (2)

C. Kusoma (6)

Slaidi ya kusoma ipo tayari kwenye hadubini.

9. Lenzi ya 100, mafuta, mwanga wa kutosha. (1)
10. Hajaandika "hasi" kabla ya kupitia sehemu 100 za tone nene.* (2)
11. Amehesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200. Vikiwa 99 au pungufu, ameendelea hadi chembe nyeupe 500. Vimelea × 8000 ÷ chembe nyeupe: mfano, 150 kwa 200 ni 6000 kwa mikrolita. (3)

Hesabu ikipishana na jibu la mtahini kwa zaidi ya asilimia 25, hatua ya 11 inapata alama 1 kwa kanuni sahihi.