Barua kwa mke wangu Zuhura

Zuhura mke wangu,

Nakusalimu wewe na watoto, na mama umfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima. Kazi nyingi, jua kali, ila mwili uko salama. Ninachoumwa ni wewe tu.

Juzi kwenye simu ulisema eti nimeshazoea kukaa mbali. Sijazoea, mpenzi, na sitazoea. Sauti unazonirekodia sizifuti hata simu ikijaa. Wenzangu wakishalala naisikiliza ile unayomfundisha Salma kufunga kamba za viatu, anakosea, mnacheka wote wawili. Kicheko chako hicho ndicho ninachoamkia saa kumi alfajiri.

Pesa nimetuma leo. Ukipata meseji, usiiamini mpaka uangalie salio mwenyewe. Akipiga mtu kudai amekutumia kimakosa umrudishie, kata simu. Namba ya siri usimtajie mtu, hata mimi. Anza na ada ya shule, kisha ya fundi. Fungu la tatu ni lako, na najua utataka kulitia kwenye saruji. Usilitie! Nenda kapime presha, maana hicho kichwa kinachokuuma kila jioni kinaninyima usingizi. Kitakachobaki nunua nguo uipendayo, uvae, unitumie picha.

Chumba kinavuja kwa sababu misumari ilipigwa kwenye bonde la bati, na maji yanapita humo humo. Mwambie fundi apige kwenye mgongo, misumari ya kofia yenye mpira, na bati lipande juu ya jingine migongo miwili. Matundu ya zamani ayazibe kabla hajashuka. Lipu ikishapigwa, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Ikikauka haraka hupasuka. Ndoo usibebe wewe, mgongo wako naujua. Abebe kijana. Kila nikimwagilia zege hapa kazini nauwaza ukuta wetu, ule wa upande wako wa kitanda, natamani niumalize kwa mikono yangu.

Mkataba unaisha mwezi wa 11. Tiketi bado hawajanikatia, kwa hiyo watoto usiwatajie tarehe. Ikisogea, ni wewe utakayebaki kuwabembeleza. Nikifika, siku ya kwanza sitaki wageni. Nataka tukae wawili unieleze yote uliyoninyamazia ili nisihangaike huku. Najua yapo. Unavyosema "tuko salama" haraka haraka na kuuliza habari za kazi, najua kabisa yapo, na nakushukuru kwa kuyabeba peke yako muda wote huu.

Nakupenda, Zuhura. Nijibu kwa sauti, na iwe ndefu.

Mumeo,
Baba Salma